Springi inarudisha, bampa linameza: kusoma nishati mbili kwenye mchoro mmoja wa chuma

Kwenye gereji za Kigoma, kuanzia Mwanga hadi Ujiji, vyuma viwili havikosekani: majani ya springi yaliyotolewa kwenye malori, na chuma bapa cha kawaida kinachouzwa duka moja na nondo. Kwa macho vinakaribiana. Sumaku inavishika vyote, na kipande cha ukubwa mmoja kina uzito uleule. Ndiyo maana kimoja huwekwa mahali pa kingine bila wasiwasi. Jani likivunjika njia ya Uvinza na lori lina chumvi mgongoni, fundi anakata chuma bapa cha unene uleule na kukifunga katikati ya mengine. Na mwenye gari akitaka bampa "lisilokunjika", anachomelewa kipande cha jani la springi kwa mbele.

Kazi zote mbili zina kasoro, na kila moja ina kasoro yake. Jani la bandia litalala ndani ya safari chache. Bampa la springi litapeleka kishindo chote kwenye chesisi. Chanzo ni kwamba chuma kina uwezo wa aina mbili wa kubeba nishati, na aina hizo hazifuatani. Ya kwanza ni nishati ambayo chuma kinapokea kisha kinairudisha yote ukikiachia. Hiyo, kwa kila mita ya ujazo, inaitwa moduli ya urejeo. Ya pili ni nishati yote ambayo chuma kinaweza kumeza kuanzia kinapoanza kuvutwa hadi kinapokatika, nao ndio ukakamavu. Zote mbili zinapatikana kwenye mchoro uleule wa jaribio la kuvuta. Tofauti ni wapi unaacha kupima eneo lililo chini ya mstari.

Hatua ya kwanza: pata mchoro, na ujue kwa nini eneo lake ni nishati

Kipande cha chuma kinachongwa kiwe na kiuno kilichonyooka, kinawekwa alama mbili zenye umbali unaojulikana, tuseme milimita 50, kisha mashine inakivuta polepole hadi kikatike. Mashine inaandika nguvu, na kipimo kilichobanwa kwenye alama zile kinaandika kipande kimerefuka kiasi gani. Nguvu ukiigawa kwa eneo la kiuno kabla ya kuvutwa unapata mkazo, kwa nyutoni kwa milimita ya mraba (N/mm², ambayo ndiyo MPa). Milimita zilizoongezeka ukizigawa kwa zile 50 za mwanzo unapata urefukaji, ambao hauna kizio. Mkazo unapanda wima, urefukaji unakwenda ulalo.

Sasa angalia kilichotokea. Nguvu ukiizidisha kwa umbali ni kazi iliyofanyika. Hapa nguvu tumeigawa kwa eneo, na umbali tumeugawa kwa urefu. Eneo mara urefu ni ujazo. Kwa hiyo eneo lililo chini ya mstari ni kazi iliyofanyika kwa kila kipimo cha ujazo wa chuma. Vizio vinajipanga vyenyewe: ukizidisha mkazo wa N/mm² kwa urefukaji usio na kizio, kila 1 unayoipata ni megajuli 1 kwa mita ya ujazo. Hakuna cha kubadilisha.

Sharti ni moja: urefukaji uandikwe kama sehemu, si kama asilimia. Karatasi nyingi za majaribio huandika asilimia 30 badala ya 0.30. Ukizidisha bila kugawa kwa 100, jibu linakuwa kubwa mara mia, na kwa kuwa watu wengi hawana picha ya namba hizi kichwani, linapita bila kushtukiwa. Kwa chuma cha kawaida, ukakamavu unaofika maelfu ya megajuli ni dalili ya kosa hilo.

Hatua ya pili: kagua mteremko kabla ya kupima chochote

Hapa ndipo hesabu nyingi za urejeo huharibika, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Sehemu ya mwanzo ya mchoro ni mstari ulionyooka. Mteremko wake ni moduli ya unyumbufu, E, na kwa vyuma vya feri ni karibu 200,000 N/mm², kiwe chuma bapa cha duka au jani la springi. Moto, ugumu na aina ya chuma havibadilishi E kwa kiasi cha kuonekana. Hiyo inakupa kipimo cha bure cha kukagua mchoro wako.

Chukua chuma bapa ambacho kikomo chake cha unyumbufu ni 250. Kabla hakijavuka kikomo hicho, urefukaji wake ni 250 kugawa kwa 200,000, yaani 0.00125. Kwenye milimita 50 hiyo ni milimita 0.0625, unene wa unywele. Kama mashine haina kipimo kilichobanwa kwenye kipande chenyewe, bali inapima taya zake zimesogea kiasi gani, basi kuteleza kwa taya na kunyooka kwa mashine vinaingia kwenye hesabu. Taya zikisogea milimita 0.4 tu, mchoro utasema urefukaji ni 0.008. Pembetatu ya urejeo itatoka megajuli 1.0 badala ya 0.156, zaidi ya mara sita ya ukweli. Ukakamavu hautikisiki sana, kwa sababu kipande kile kitarefuka milimita 15 kabla ya kukatika, na hiyo sehemu ya milimita iliyozidi mwanzoni inamezwa humo.

Kwa hiyo pima mteremko. Ukipata 30,000 au 40,000 kwa chuma cha feri, usipime eneo la pembetatu kwenye karatasi hiyo. Chukua kutoka kwenye mchoro mkazo wa kikomo peke yake, kwa kuwa huo unatokana na nguvu na hauguswi na kuteleza kwa taya, kisha tumia E ya 200,000. Mara nyingi mstari pia unaanza na kajipinda kadogo wakati taya zinakaza. Rudisha mstari ulionyooka hadi ukate ulalo, na hapo ndipo sifuri yako.

Hatua ya tatu: pembetatu ya urejeo

Urejeo ni eneo la pembetatu kutoka sifuri hadi kikomo cha unyumbufu: nusu ya mkazo mara urefukaji. Kwa kuwa urefukaji wenyewe ni mkazo kugawa kwa E, inakuwa hivi:

```
Ur = σy² / (2 × E)
```

σy ni mkazo wa kikomo cha unyumbufu. Kwa chuma bapa chetu chenye kikomo cha 250, Ur ni 62,500 kugawa kwa 400,000, sawa na megajuli 0.156 kwa mita ya ujazo. Kwa jani la springi lililopikwa vizuri, ambalo kikomo chake tutakichukua kuwa 1,200, Ur ni 1,440,000 kugawa kwa 400,000, sawa na 3.6.

Jani limezidi mara 23, ingawa kikomo chake kimezidi mara 4.8 tu. Tofauti imekuzwa na ule mraba wa σy kwenye fomula. Chuma chenye kikomo kilichopanda mara mbili kinarudisha nishati mara nne.

Kikomo chenyewe usomeje? Chuma bapa cha kawaida mara nyingi kinajionyesha: mstari unapanda, unashuka kidogo, kisha unatambaa karibu sambamba na ulalo. Chukua mkazo wa pale kwenye kutambaa, si ile ncha iliyojitokeza juu, kwa sababu ncha hiyo hubadilika na kasi ya kuvuta. Chuma cha springi hakina goti linaloonekana, kinapinda polepole. Kwake anza kwenye ulalo pale palipo na 0.002, chora mstari sambamba na ule ulionyooka, na pale unapokata mchoro ndipo kikomo. Kisha weka namba hiyo kwenye fomula. Kwa urahisi, katika mfano huu nimechukua kwamba jani linanyooka hadi 1,200.

Hatua ya nne: eneo lote hadi kukatika

Baada ya kikomo, mstari haunyooki tena, kwa hiyo unagawa eneo vipande vya trapeza. Kila kipande ni wastani wa mikazo miwili ya pembeni mara upana wake. Hizi hapa namba za mfano kwa chuma bapa, za aina utakayoiona kwenye karatasi ya jaribio:

| Urefukaji | Mkazo (N/mm²) | Eneo la kipande |
|---|---|---|
| 0.00125 | 250 | 0.16 |
| 0.02 | 255 | 4.73 |
| 0.05 | 330 | 8.78 |
| 0.10 | 385 | 17.88 |
| 0.15 | 400 | 19.63 |
| 0.20 | 405 | 20.13 |
| 0.25 | 390 | 19.88 |
| 0.30 | 330 | 18.00 |

Jumla ni karibu megajuli 109 kwa mita ya ujazo. Tazama mstari wa kwanza wa jedwali: ile pembetatu ya urejeo ni 0.16 tu ndani ya 109. Kwenye mchoro uliochorwa kwa vipimo vyake halisi haionekani hata kama pembetatu. Inaonekana kama mstari uliopanda wima.

Na jani la springi:

| Urefukaji | Mkazo (N/mm²) | Eneo la kipande |
|---|---|---|
| 0.006 | 1,200 | 3.60 |
| 0.02 | 1,290 | 17.43 |
| 0.05 | 1,340 | 39.45 |
| 0.07 | 1,310 | 26.50 |
| 0.09 | 1,200 | 25.10 |

Jumla: karibu 112.

Kumbuka kwamba karibu na kukatika, chuma kinasinyaa mahali pamoja na kurefuka hapo tu. Kwa hiyo umbali kati ya alama zako unaingia kwenye jibu. Alama zenye milimita 25 zitatoa ukakamavu mkubwa kuliko za milimita 50 kwa chuma kilekile, kwa sababu pale paliposinyaa panachukua sehemu kubwa zaidi ya urefu. Ukilinganisha vyuma viwili, hakikisha vipimo vyote vilianza na umbali mmoja, la sivyo unalinganisha alama.

Namba hizi mbili, 109 na 112, ndizo zinazowachanganya watu. Mtu akisoma ukakamavu peke yake atasema vyuma hivi ni sawa, basi jani la springi linafaa bampa kama chuma bapa, tena lina urejeo mkubwa. Tutarudi kwake baada ya springi.

Springi: fuata pembetatu, kisha ipunguze

Springi haitakiwi kamwe kuvuka kikomo. Kila tone la nishati linaloingia gari linaposhuka shimoni lazima lirudi, la sivyo springi inabaki imelala. Kwa hiyo kwenye springi eneo lililo upande wa kulia wa kikomo halina kazi. Unachagua chuma kwa Ur.

Lakini usiichukue ile 3.6 yote. Inapunguzwa kwa hatua mbili. Kwanza, jani halivutwi, linapindwa. Uso wa juu na wa chini ndio unaofika mkazo mkubwa, na katikati ya unene mkazo ni sifuri. Hata jani lililochongwa kwa umbo bora, lenye mkazo sawa kutoka katikati hadi ncha, linabeba theluthi tu ya nishati ya chuma kilichovutwa. Fomula inakuwa σ² kugawa kwa 6E. Pili, barabara inapinda jani maelfu kwa maelfu ya mara, na jani linalofanya kazi karibu na kikomo chake huanza ufa mapema. Kwa mfano wetu tuseme mzigo wa kawaida unaleta mkazo wa 600, nusu ya kikomo. Nusu kwa mraba ni robo. Robo ya theluthi ya 3.6 ni megajuli 0.3 kwa mita ya ujazo, na kwa kuwa mita ya ujazo ya chuma ina karibu kilo 7,850, kila kilo ya springi inabeba juli 38.

Tuipeleke kwenye lori. Upande mmoja wa ekseli unabeba nyutoni 20,000, karibu tani mbili, na springi inalala sentimita 15 kutoka ilipokuwa bila mzigo. Nishati ni nusu ya 20,000 mara 0.15, yaani juli 1,500. Ukigawa kwa 38 unapata karibu kilo 40 za majani. Mtu aliyewahi kubeba fungu la springi la lori atakubali uzito huo.

Sasa fanya hesabu hiyohiyo kwa chuma bapa. Hata ukikipeleka hadi ukingoni kabisa mwa kikomo chake cha 250, bila akiba yoyote, 250 mraba kugawa kwa 6E ni 0.052, yaani juli 6.6 kwa kilo. Utahitaji zaidi ya kilo 220 za chuma kila upande. Fundi aliyeweka jani moja la chuma bapa katikati ya majani halisi hakuongeza kilo hizo. Ameweka jani la unene uleule, linalolazimishwa kupinda sawa na wenzake, na kwa kuwa E ni ileile, mkazo unaoingia ni uleule 600. Chuma bapa kilishavuka kikomo zamani, kikakunjika moja kwa moja. Mzigo ukishushwa majani mengine yanarudi, lenyewe halirudi, na unaliona limeacha mwanya kati yake na jani la juu yake. Mwanya huo ndio dalili. Kuanzia hapo majani yaliyobaki yanabeba mzigo wa lile lililolala.

Watu husema, "Basi niweke nene zaidi." Unene ukipanda bila mpindo kupungua, mkazo wa uso unapanda nao, kwa sababu uso uko mbali zaidi na katikati. Chuma bapa kinene kinafika kikomo mapema zaidi.

Bampa: eneo lote, lakini angalia pia upana wake na kimo chake

Kwenye ajali mambo yanageuka. Gari la kilo 1,500 linalokwenda kilomita 36 kwa saa, yaani mita 10 kwa sekunde, lina juli 75,000. Ukitaka kuzibeba kwa urejeo tu, kwa kuvuta chuma cha springi hadi kikomo bila kupoteza kitu, utahitaji megajuli 0.075 kugawa kwa 3.6, yaani mita za ujazo 0.021: zaidi ya kilo 160 za chuma. Tena nishati hiyo haijaisha, imehifadhiwa tu, na itarudi kulisukuma gari nyuma. Kwa ukakamavu wa chuma bapa, juli hizo zinamezwa na sentimita za ujazo 690, kama kilo tano na nusu, na hazirudi. Zimekwisha kuwa joto ndani ya chuma kilichokunjika. Katika gari halisi zitahitajika kilo nyingi zaidi, kwa sababu bati linapojikunja ni mistari ya mikunjo tu inayofika mbali kwenye mchoro. Hata hivyo tofauti inaonekana.

Sasa turudi kwa 109 na 112. Chukua fito mbili, kila moja yenye eneo la milimita za mraba 100 na urefu wa milimita 500, moja ya chuma bapa na nyingine ya chuma cha springi, na tuchukulie kwamba zinarefuka sawasawa na jedwali. Zote zinameza karibu juli 5,500. Ila ya chuma bapa inaanza kunyoosha kwa nyutoni 25,000, haizidi 40,500, na inasafiri milimita 150 kabla ya kukatika. Ya springi haisogei kwa maana hadi nguvu ifike nyutoni 120,000, inapanda hadi 134,000, na inakatika baada ya milimita 45. Eneo ni lilelile. Mchoro wa moja ni mpana na mfupi kwa kimo, wa nyingine ni mwembamba na mrefu kwa kimo.

Kimo cha mchoro ni nguvu ambayo kila kitu kilicho nyuma ya bampa lazima kiihimili: bolti, mabano, chesisi, na mwisho kifua cha dereva kwenye mkanda. Upana wa mchoro ni umbali wa kusimama. Gari letu likisimama ndani ya nusu mita, nguvu ya wastani ni juli 75,000 kugawa kwa 0.5, nyutoni 150,000, na kila aliyemo anasukumwa kwa karibu mara kumi ya uzito wake. Likisimama ndani ya sentimita 10, ni nyutoni 750,000, na mara hamsini. Nishati ni ileile.

Kwa hiyo kanuni ya kipande cha ajali ina sehemu mbili: eneo kubwa, na kimo kisichozidi kile ambacho chesisi inaweza kubeba. Bampa linatakiwa likubali kukunjika kabla ya chesisi kukunjika. Chesisi za magari mengi ni chuma cha wastani chenye matundu ya bolti. Ukiweka mbele yake kipande kinachodai nguvu mara tatu au nne kabla ya kusalimu amri, kinachosalimu amri kwanza ni chesisi. Mwenye gari anashuka, anaona bampa zima, anafurahi, halafu milango haifungi vizuri na tairi zinalika upande mmoja. Huo ndio ushahidi kwamba nishati ilipita kwenye bampa ikaenda kumezwa mahali pengine.

Béla Barényi, mhandisi wa Mercedes-Benz, alilifanya wazo hili kuwa muundo wa gari: mbele na nyuma pakunjike, chumba cha abiria kibaki kigumu. Hataza yake ilitolewa 1952, na mwaka 1959 gari la kwanza la kiwandani lenye muundo huo likatoka. Magari ya leo yanachanganya hivyo hivyo. Chuma chenye kikomo cha juu sana kinawekwa kwenye nguzo zinazozunguka abiria, na chuma kinachokunjika kwa nguvu ya wastani kinakaa mbele yake.

Kama hakuna mashine karibu

Huwezi kupata eneo lote hadi kukatika bila mashine ya kuvuta, lakini kikomo unaweza kukikisia kwa pipa la mafuta la lita 200. Pipa hilo lina kipenyo cha karibu sentimita 58, yaani nusu kipenyo milimita 290. Jaza mchanga lisibonyee. Chukua ukanda wa chuma wenye unene wa milimita 3, bana ncha moja kwenye pipa, kisha uzungushe hadi ulale juu ya mgongo wa pipa. Urefukaji wa uso wake ni unene kugawa kwa mara mbili ya nusu kipenyo: 3 kugawa kwa 580, karibu 0.0052. Zidisha kwa E, unapata mkazo wa karibu 1,030.

Uachie polepole. Ukinyooka kabisa, kikomo chake kimezidi 1,000, na Ur yake imezidi 2.5. Huo ni chuma cha springi. Ukibaki na tao, umevuka kikomo. Chuma bapa cha 250 chenye unene huo kingeanza kubaki na tao hata kwenye duara la nusu kipenyo mita 1.2, kwa hiyo kwenye pipa kitabaki kimejikunja waziwazi. Jani la lori lenye unene wa milimita 10 halipindwi hivyo kwa mkono, usijaribu. Na ukanda wa springi uliobanwa una nishati yote uliyoiingiza, tayari kuirudisha kwa mtu wa kwanza atakayeulegeza. Simama pembeni ya mstari wake, na kamba iwe imeshika ncha iliyo huru.

Moto unahamisha kikomo, mchoro wako wa zamani haufai tena

Namba zote za jani tulizotumia ni za chuma kilichopashwa, kikazimwa ghafla na kupashwa tena kwa kipimo kiwandani. Ukiliweka kwenye mkaa likawa jekundu ili ulinyooshe, kisha ukaliacha lipoe lenyewe, E inabaki 200,000 na sura inabaki ya springi, lakini kikomo kinaanguka. Kama kimeshuka hadi 400, Ur imebaki moja ya tisa ya ilivyokuwa. Lijaribu kwenye gari: litabeba siku ya kwanza na kulala baada ya hapo, sawa na chuma bapa.

Kuchomelea ni kubaya zaidi, kwa upande mwingine. Chuma cha springi kina kaboni ya kiasi cha asilimia 0.5 hadi 0.6. Ukanda mwembamba pembeni mwa weldi unapoa haraka kwa sababu chuma baridi kilicho jirani kinanyonya joto, na unakuwa mgumu na mwepesi kuvunjika kama kigae. Hatua kidogo kutoka hapo kuna ukanda mwingine uliolegea. Ukakamavu wa 112 ulikuwa wa kipande kizima kisicho na weldi, kilichovutwa polepole, kisicho na mkwaruzo. Ajali inavuta kwa ghafla, na ukingo wa weldi ni mkwaruzo tayari. Kwa hali hiyo eneo la chini ya mchoro linakupa matumaini yasiyokuwepo. Kinachotakiwa ni jaribio la Charpy, ambamo nyundo inayobembea inavunja kipande kilichokatwa mfereji na kupima nishati iliyotumika. Mvunjiko wa jani lililochomelewa utauona mwenyewe: unapita sambamba na weldi, uso wake unameremeta punje punje, na vipande viwili vinaungana tena karibu bila pengo. Chuma bapa kilichokatika kwa kuvutwa kinaacha uso wa kijivu usiong'aa, na pale kilipokatika pamesinyaa.

Kwa hiyo bampa litengenezwe kwa chuma cha kawaida, bomba au bati lililokunjwa, lifungwe kwa mabano yanayoweza kukunjika, na liachiwe nafasi nyuma yake kabla halijagusa rejeta. Jani la springi lililovunjika libadilishwe kwa jani la springi lenye unene na upana uleule, bila weldi na bila tundu jipya. Na kabla ya kulifunga, pitisha kidole upande wa juu, ambao ndio unaovutwa mzigo unapokaa. Ukikuta mkwaruzo wa gurudumu la kusagia uliokata jani kwa upana, usisage zaidi kwa upana huo. Lainisha kwa tupa ukifuata urefu wa jani hadi mkwaruzo upotee, na kama umeingia kina kuliko tupa inavyoweza kutoa bila kupunguza unene, tafuta jani jingine.